Kila mtu anapiga lake? Namna ya kusikia ngoma zinazopishana

Kila video ya wapiga ngoma wa Burundi au wa Ghana inaposambaa kwenye simu, chini yake hurudi mabishano yaleyale. Mmoja husema kwamba hizo ni kelele na kwamba kila mtu anapiga lake. Mwingine, kwa nia njema, humjibu kwamba Waafrika wamezaliwa na midundo damuni, kwa hiyo hakuna cha kueleza wala cha kujifunza. Wa tatu hukiri tu kwamba alijaribu kuifuata ngoma kwa makofi, akapotea, akaacha. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya huyo wa tatu. Yeye amekwisha kutambua kwamba ndani ya ngoma ile mna mpangilio, ila hajui sikio lake aliweke wapi kwanza.

Nitatumia ngoma moja hadi mwisho, nayo ni Agbadza ya Waewe, watu wanaoishi kusini mashariki mwa Ghana na kusini mwa Togo. Asili yake ni ngoma ya vita, lakini leo huchezwa misibani, harusini na kwenye sherehe za kawaida, wazee kwa vijana. Nimeichagua kwa sababu vyombo vyake vya msingi ni vitano tu, mwendo wake si wa kasi sana, na kila chombo kina kazi inayoweza kuelezwa kwa maneno machache. Ngoma za kwetu zitaingia pale zinapousaidia ufafanuzi.

Kwanza, hata hivyo, nianze na kinu.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama minane, bibi yangu na shangazi walikuwa wakitwanga mahindi katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Mchi wa bibi ukishuka, wa shangazi ulikuwa juu. Wa shangazi ukishuka, wa bibi ulikuwa juu. Nilichukua mchi wa tatu, mdogo, nikaingia. Pigo la kwanza liligongana na mchi wa shangazi, la pili likagonga ukingo wa kinu. Bibi hakusimama. Aliniambia tu, "Mjukuu wangu, usiutazame mchi wa mwenzio, sikiliza kinu." Sikuelewa siku ile. Baada ya siku kadhaa nilianza kusikia kwamba kati ya pigo la bibi na pigo la shangazi mlikuwa na nafasi ndogo, na kwamba nafasi ile ilikuwa ikirudi mahali palepale kila mara. Nilipoitia mchi wangu humo, sauti mbili zikawa tatu, na kinu kikaanza kusema neno jipya ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa akilisema peke yake.

Hicho ndicho kiini cha jambo tunalotaka kulisikia, na sasa tunaweza kuyapa mambo majina. Nitaita *pigo* kugonga kumoja kwa fimbo au kiganja. Nitaita *mdundo* mfululizo wa mapigo unaojirudia, kama ule wa mchi mmoja. *Mzunguko* ni urefu wa muda kabla mdundo haujaanza upya. *Kupishana* ni pale midundo miwili au zaidi inapotiana katika nafasi, pigo la mmoja likaangukia kwenye kimya cha mwingine. *Midundo sambamba* ni pale watu wawili wanapougawa muda uleule kwa hesabu tofauti, kwa mfano mmoja akaugawa mara mbili na mwingine mara tatu, kisha wakaanza pamoja na kumaliza pamoja. Mambo haya mawili ya mwisho mara nyingi hutokea kwa wakati mmoja, lakini sikio hufaidika kuyatenganisha mwanzoni.

Mgawanyo wa mbili kwa tatu ndio unaowaangusha wengi, nao una njia nyepesi ya kuingilia ambayo msomaji wa mashairi ya Kiswahili tayari anayo. Tunajua kwamba utenzi una mizani 8 katika kila kipande na kwamba mizani zote tunazihesabu sawa, ziwe za neno refu au fupi. Sasa chukua maneno haya matatu: "Kaa chini, kaa." Yahesabu kwa mizani: ka-a-chi-ni-ka-a, mizani 6. Yatamke tena na tena kwa mwendo ulio sawa, bila kusita mwishoni, mpaka yawe duara. Kisha piga paja kwa mkono wa kulia kwenye mizani ya 1, ya 3 na ya 5, yaani kwenye *ka*, *chi* na *ka* ya pili. Huo ni mkono unaougawa muda mara tatu. Ukishazoea, ongeza mkono wa kushoto kwenye mizani ya 1 na ya 4, yaani kwenye *ka* ya kwanza na *ni*. Huo unaugawa muda uleule mara mbili. Ukisikiliza mapaja yako bila kutamka lolote, utasikia yakisema "kaa chini, kaa" yenyewe: pigo refu, mafupi mawili, refu.

Ninaomba msomaji alifanye zoezi hili kabla ya kuendelea, kwa sababu linaonyesha jambo ambalo maelezo peke yake hayawezi kulionyesha. Mkono wa kulia haujui lolote kuhusu sentensi ile, na wa kushoto vilevile. Kila mmoja unapiga mapigo yaliyo sawasawa, rahisi kuliko saa ya ukutani, na bado sentensi yenye mapigo marefu na mafupi inasikika. Sentensi hiyo imezaliwa kati ya mikono miwili. Anayeisikiliza ngoma akiutafuta utata ndani ya chombo kimoja kimoja huukosa, kwa kuwa vyombo vingi vinapiga kitu chepesi.

Sasa tuingie Agbadza. Chombo kinachoishikilia ngoma yote ni kengele ya chuma yenye vinywa viwili, kimoja kikubwa chenye sauti nzito na kimoja kidogo chenye sauti nyembamba. Waewe huiita gankogui. Mpigaji wake anaweza kupiga mdundo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu sana, na wageni humwona kama mtu aliyepewa kazi ndogo kuliko wote. Ukweli ni kwamba akiyumba yeye, wote wanayumba, kwa maana kila mwenzake anajipima kwake.

Mzunguko wa kengele hiyo una nafasi 12, tuziite mizani 12, na mapigo 7. Yakitamkwa kwa sauti, pigo refu likichukua mizani mbili na fupi mizani moja, yanakuwa hivi: paa, paa, pa, paa, paa, paa, pa. Jumla ni 12, kisha unarudi mwanzo bila kupumzika. Mara nyingi pigo la kwanza hugongwa kwenye kinywa kikubwa na mengine kwenye kile kidogo, ingawa wapo wapigaji wanaoutumia mlio mzito mwanzoni mwa ngoma tu. Huu hapa mchoro wake, pamoja na hatua za wachezaji na ngoma moja ndogo tutakayoifikia punde. *X* ni pigo na nukta ni kimya:

```
Mizani    1  2  3  4  5  6  7  8  9 10 11 12
Kengele   x  .  x  .  x  x  .  x  .  x  .  x
Miguu     x  .  .  x  .  .  x  .  .  x  .  .
Kaganu    .  x  x  .  x  x  .  x  x  .  x  x
```

Itazame safu ya kengele na ya miguu. Zinaanza pamoja kwenye mizani ya 1. Mguu wa pili unashuka kwenye ya 4, nayo kengele iko kimya: imepiga kabla yake, kwenye ya 3, na itapiga baada yake, kwenye ya 5. Mguu wa tatu unashuka kwenye ya 7, na kengele tena imeuzunguka, ya 6 na ya 8. Mguu wa nne unashuka kwenye ya 10 na hapo wanakutana. Kwa hiyo katika hatua nne wanakutana mara mbili na kukosana mara mbili, na makosano hayo yote yako katikati ya mzunguko. Huo ndio mvutano unaomfanya msikilizaji ahisi kwamba kitu kimeondoka na kinarudi. Anayesoma mashairi anaujua mvutano huo: ni kama kungoja kina cha mwisho. Pigo la kwanza la kengele ndilo kina. Lina sura ya mwanzo kwenye mchoro, lakini masikioni linafika kama jibu la yote yaliyotangulia.

Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu moja inayoweza kutajwa. Mdundo wa kengele ni duara, na kwenye rekodi iliyokatwa katikati hakuna anayekuambia duara linaanzia wapi. Sikio huchagua mwanzo wake lenyewe, mara nyingi isivyo sahihi. Ipo namna ya kuhakiki. Katika mzunguko mmoja mna sehemu mbili tu ambapo mapigo mawili yanafuatana upesi, yaani palipo na lile "pa" fupi. Kati ya sehemu hizo mbili, upande mmoja una mapigo marefu mawili na upande mwingine una matatu. Sikiliza mpaka uweze kusema "mawili, halafu matatu, halafu mawili, halafu matatu". Ukishaupata upande wa mawili, pigo refu la kwanza kati ya hayo mawili ndilo moja. Mimi ilinichukua jioni mbili nzima nikiwa na rekodi moja, na nilipoipata nilihisi kama mtu aliyekuwa akisoma kitabu kwa kukishika kichwa chini, kisha akakigeuza.

Hapa ndipo pa kuuzungumzia uzushi mmoja ambao haukutoka kwa watazamaji wa video bali kwa wasomi. Mwaka 1959 Arthur Morris Jones, padri Mwingereza aliyeishi miaka mingi katika nchi ambayo leo ni Zambia, alichapisha utafiti mkubwa juu ya ngoma za Waewe. Alifanya kazi na mpiga ngoma Mwewe, Desmond Tay, akatumia mashine iliyochora alama kwenye karatasi kila pigo lilipogongwa. Kazi hiyo ilikuwa ya uangalifu mkubwa na bado ina thamani. Lakini Jones alipoiandika katika nota, aliipa kila ngoma mistari yake ya kugawia muda, isiyolingana na ya ngoma nyingine, na wasomaji wakabaki na picha ya watu kadhaa ambao kila mmoja anahesabu hesabu yake bila pigo la pamoja. "Kila mtu anapiga lake" ikawa imepata suti na tai.

Wataalamu waliofuata, akiwemo Kofi Agawu wa Ghana, walilikosoa wazo hilo kwa hoja ambayo naiona haina jibu: waangalie wachezaji. Agbadza si ngoma ya kukaa kitini na kusikiliza. Ni ngoma ya mwili, na miguu ya wachezaji, pamoja na makofi ya waimbaji, inashuka mahali pamoja, kwa pigo moja la wote. Pigo hilo wakati mwingine halipigwi na chombo chochote, kwa sababu kila mtu uwanjani analo tayari. Jones aliweka kwenye karatasi vilivyopigwa kwenye mashine. Miguu haikuwa kwenye mashine. Kwa hiyo anayetazama video na kujiuliza "moja iko wapi" ashushe macho kutoka kwenye mikono ya wapigaji hadi kwenye miguu ya wanaocheza.

Kando ya kengele hukaa mpigaji wa axatse (*x* hapo isomwe kama *kh*), manyanga ya kibuyu yaliyofungwa wavu wa shanga au mbegu kwa nje. Hupigwa kwa kushusha kwenye paja na kupandisha kwenye kiganja. Mapigo ya pajani huifuata kengele, na yale ya kiganjani hujaza baadhi ya vimya vyake. Kwa msikilizaji kazi yake ni kama ya mtu anayepaka wino juu ya mchoro wa penseli: kilichokuwa chembamba kinakolea. Sitakaa hapo zaidi.

Kaganu inastahili kukaliwa. Ni ngoma ndogo kuliko zote, yenye sauti ya juu na kavu, inayopigwa kwa fimbo mbili nyembamba. Kwa namna inayofundishwa mara nyingi, ndani ya kila hatua ya mguu yenye mizani tatu, kaganu inanyamaza kwenye ya kwanza na kupiga ya pili na ya tatu. Rudi kwenye mchoro: mguu, ka-ka; mguu, ka-ka. Ni mdundo ambao mtoto anaweza kuupiga baada ya dakika moja. Ugumu ni kuudumisha mahali pake, maana mapigo mawili ya karibu karibu yana tabia ya kuliteka sikio. Baada ya muda mfupi unaanza kulisikia pigo la kwanza la kaganu kama mguu, kwamba ni "ka-ka, kimya" badala ya "kimya, ka-ka". Kuanzia hapo kila kitu kinageuka: kengele inaonekana imeyumba, wachezaji wanaonekana wamechelewa, na wewe unajiona peke yako ndiye uliye sawa.

Dalili ya kwamba umegeuzwa ni nyepesi. Piga makofi pamoja na unachodhani ni pigo la msingi, na uwatazame wachezaji. Makofi yako yakiangukia wakati mguu uko hewani, si ardhini, wewe ndiye uliyetekwa na kaganu. Usijaribu kujirekebisha kwa kusogeza makofi. Acha kabisa, rudi kwenye kengele, tafuta "mawili, matatu", kisha tembea papo hapo ulipo kwa miguu. Miguu hugeuzwa kwa shida kuliko viganja.

Nimesema mapema kwamba kinu kilisema neno ambalo hakuna mmoja wetu aliyelisema. Jambo hilo lina mfano wake ulio wazi kuliko wote huko Uganda, katika entenga, ngoma za kasri ya Kabaka wa Buganda. Entenga ni ngoma 12 zilizosawazishwa kwa sauti, kutoka nene hadi nyembamba, zinazopigwa na watu wanne, pamoja na ngoma nyingine tatu za watu wawili. Mmoja hupiga mfululizo wa mapigo yaliyo sawa, na mwingine hutia mapigo yake katikati kabisa ya hayo, kama michi miwili. Mfumo huohuo unatumika kwenye marimba yao iitwayo amadinda. Miaka ya mwanzo ya 1960 mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria, aliyejifunza kupiga kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri, alieleza kwamba nyimbo anazozisikia msikilizaji katika muziki huo hazipigwi na mkono wa mtu yeyote. Sikio huzikusanya sauti zilizo karibu kwa kimo, za juu pamoja na za juu, za chini pamoja na za chini, na kuzifanya nyimbo ndogondogo, ingawa sauti hizo zimetoka kwa wapigaji tofauti. Kasri hiyo, iliyoko Mengo, iliposhambuliwa mwaka 1966, ngoma hizo zilinyamaza kwa muda mrefu, na walioujua mpangilio wake wakabaki wachache sana.

Kanuni hiyo inafanya kazi Agbadza pia, nayo inaeleza kwa nini watu wawili wanaosikiliza rekodi moja hubishana kuhusu "ule mdundo mzuri". Kila mmoja amekusanya sauti kwa namna yake, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Ukitaka kuijaribu, sikiliza mzunguko mmoja ukiifuata kengele, kisha mwingine ukilifuata pigo la pili tu la kaganu pamoja na kengele. Ngoma haijabadilika, lakini unachosikia kimebadilika.

Zimebaki ngoma mbili, na hizi ndizo zinazozungumza. Sogo, yenye sauti nzito, ndiyo inayoongoza katika Agbadza, na hupigwa kwa mikono. Kidi, ya kimo cha kati, hupigwa kwa fimbo mbili na ndiyo inayoitikia. Kidi ina mapigo ya aina mbili: la wazi, ambapo fimbo inagonga na kuruka ili ngozi ilie, na la kubana, ambapo fimbo inagandamizwa kwenye ngozi na kutoa sauti iliyozibwa. Mapigo ya wazi ndiyo jibu lenyewe. Ya kubana yanashikilia muda wakati sogo inapouliza.

Tunaposikia maneno "wito na mwitikio", wengi wetu tunakumbuka "Paukwa!" na "Pakawa!" Mfano huo unasaidia nusu ya njia, kisha unapotosha. Katika paukwa, msimulizi anaita, ananyamaza, na watoto wanajibu. Anaweza kuvuta pumzi, kucheka au kungoja mpaka wote wanyamaze, na hakuna kinachoharibika. Ngomani haiwezekani kungoja, kwa sababu kengele haingoji. Jibu la kidi lina mahali pake maalumu kwenye zile mizani 12, au kwenye mizunguko miwili ikiwa sentensi ni ndefu, na lazima liangukie hapo hata kama sogo bado inaongea. Mara nyingi, basi, mwisho wa wito na mwanzo wa jibu hupandiana. Mfano ulio karibu zaidi ni wa kaswida, ambapo waitikiaji bado wanavuta irabu ya mwisho wakati kiongozi ameshaanza ubeti unaofuata, na kwa muda mfupi tunasikia wote wawili.

Tofauti nyingine ni ya uhuru. Kiongozi wa sogo huchagua: anazo sentensi nyingi alizozipokea kwa walimu wake, anazipanga, anazirefusha, anazitia mapambo. Kidi haichagui, kwa kila wito ina jibu linalojulikana. Kengele, manyanga na kaganu karibu hazibadiliki. Kwa hiyo anayesema kwamba wapigaji wote wanabuni papo kwa papo amekosea, na anayesema kwamba wote wanarudia kitu kimoja amekosea vilevile. Katika vyombo vitano, vitatu ni nguzo, kimoja kinajibu alichoulizwa, na kimoja ndicho chenye mamlaka ya kubadili mazungumzo. Kutambua zamu hiyo kwa sikio kuna ujanja wake: usiifuate sogo, kwa sababu itakupoteza. Sikiliza kidi. Utasikia jibu moja likirudi, likirudi, likirudi, kisha ghafla linakuwa jingine. Hapo ujue kwamba mzunguko mmoja au miwili kabla yake sogo ilisema kitu kipya. Rudisha rekodi nyuma kidogo, nawe utausikia wito ambao mara ya kwanza ulikupita.

Waewe wenyewe hawaanzii kwenye namba. Midundo hufundishwa kwa silabi za kutamka, na sentensi nyingi za ngoma ya kuongoza zina maneno nyuma yake. Lugha yao inatofautisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti, hivyo ngozi iliyopigwa juu na chini inaweza kukumbusha usemi. Kiswahili hakina tabia hiyo, na hilo linatuwekea mpaka: tunaweza kulisikia umbo la mazungumzo, nani ameuliza na nani amejibu, lakini si maneno yake. Jambo hilohilo linajibu hoja ya midundo damuni. Mtoto wa Kiewe anayeipiga kaganu bila kuyumba ameisikia akiwa mgongoni mwa mama yake kwenye kila msiba na kila harusi, ametamkiwa silabi zake, na amerekebishwa mara nyingi, kama mimi na mchi wangu.

Kabla ya kuisikiliza rekodi yoyote, angalia unasikilizia nini. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, kwa hiyo sogo hufifia au kupotea kabisa, na kinachobaki ni kengele, manyanga na kaganu. Mtu anayesikiliza hivyo husikia nguzo bila mazungumzo, kisha anasema ngoma hiyo inachosha. Tumia vipokea sauti vya masikioni au spika kubwa. Ukiweza, chagua video iliyopigwa kutoka mbali, inayoonyesha duara lote, kuliko ile iliyokaribia mikono ya mpigaji mmoja, kwa sababu utaihitaji miguu ya wachezaji.

Kisha isikilize rekodi moja mara nyingi badala ya rekodi nyingi mara moja moja. Mara ya kwanza fuata kengele peke yake mpaka "mawili, matatu" yaje bila kuhesabu. Mara ya pili tembea, hatua nne kwa kila mzunguko wa kengele, na uache kengele iende yenyewe. Ukiwa unatembea, ruhusu kaganu iingie kati ya hatua zako. Kidi na sogo ziache za mwisho kabisa, hata kama ndizo zinazokuvutia zaidi. Ukishaweza kutembea hatua nne bila kufikiri, jaribu kupiga makofi sita juu ya hatua hizo nne, kwenye mizani ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Ni ile "kaa chini, kaa" mara mbili. Utasikia kwamba kengele inaanza upande wa makofi yako, mapigo matatu mfululizo, kisha kwenye mizani ya 6 inavuka na kukaa katikati ya makofi mpaka mwisho, na inarudi kwako kwenye moja inayofuata.

Si kila ngoma ina kengele ya kukuongoza. Katika ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, hakuna chuma kinacholia juu ya vingine. Huko nguzo ni ngoma zenyewe: amashakwe hushikilia mdundo usiokoma, na ibishikizo huifuata inkiranya, ngoma ya katikati. Anayeingia kucheza na kuipiga inkiranya ndiye mwenye sauti kwa wakati huo, kisha hurudi kwenye nusu duara ya wapigaji na kumpisha mwingine. Ukiitazama video ya Gitega au ya Bujumbura baada ya kuzoea Agbadza, usiitafute kengele. Tafuta amashakwe, zile zisizobadilika hata mchezaji anaporuka juu, kisha ungoje mtu wa katikati ashushe fimbo.